Hela ya Jumamosi huamuliwa Jumanne

*Anayefukuzia hela iliyoliwa hujulikana kwa saa kabla hajajulikana kwa kiasi. Mwandishi wetu ameketi na mbetiji mmoja wa Manzese na meseji za simu yake.*

Banda la kuonyeshea mpira nyuma ya kijiwe cha bodaboda lina viti vya plastiki 40, na Jumamosi ile ya Septemba tulikuwa humo watu wasiopungua 60. Dakika ya 88 timu ya ugenini ikasawazisha. Nusu ya banda ililipuka kwa shangwe. Fundi, jirani yangu wa benchi, hakushangilia wala hakulalamika. Aliinamia simu.

Alikuwa na mkeka wa mechi nane. Saba zilishatiki. Hiyo ya nane ndiyo iliyouchana, zikiwa zimebaki dakika mbili na nyongeza.

"Umeona, kaka?" aliniambia bila kuinua uso. "Sikukosea. Nimeonewa tu. Ngoja niirudishe hii hela sasa hivi."

Fundi ni mtu wa waya na swichi. Ana mke na watoto wawili, na jina lake halisi tumekubaliana libaki kwake. Habeti kila siku. Hubeti Jumamosi na Jumapili kama maelfu ya wenzake, na ukimuuliza anapoteza kiasi gani atakujibu haraka: "Elfu kumi, elfu kumi hivi kwa wiki. Ni hela ya soda."

Mhariri alinituma niandike kuhusu watu wanaofilisika kwa kubeti. Mimi nikaona walio wengi hawajafilisika. Wako kama Fundi, kazini Jumatatu asubuhi kama kawaida. Basi nikamwomba kitu kimoja: tufungue meseji za pesa za simu yake, tuziandike kwenye daftari, moja baada ya nyingine.

Daftari la Jumamosi moja

Kila anayeweka hela kwenye akaunti ya kubashiri hupata ujumbe wenye kiasi, tarehe, saa na salio lililobaki. Ujumbe huo hauna hasira wala matumaini, na ndiyo maana unafaa kuwa shahidi. Huu hapa ushahidi wa Jumamosi ile.

Saa tano asubuhi, shilingi 5,000. Huo ndio mkeka wa mechi nane, na ndio bajeti aliyotoka nayo nyumbani.

Saa moja kasoro dakika tano jioni, dakika chache baada ya mkeka kuchanika, 10,000. Saa mbili na dakika tano usiku, 10,000 nyingine, kwenye mechi ya usiku iliyokuwa ikiendelea. Saa tatu kasoro dakika kumi, 20,000, mechi ileile, safari hii akitaka magoli yawe zaidi ya mawili. Saa tatu na dakika kumi, 20,000 kwenye kindege, ule mchezo wa ndege inayopaa huku namba ikipanda mpaka itakapotoweka ghafla. Saa tatu na dakika 16, akamaliza na 40,000, kindege hichohicho.

Jumla ni 105,000. Alitoka nyumbani na 5,000.

Fundi alizitazama zile namba kubwa. Mimi nilimwomba azifunike kwa kidole atazame saa peke yake. Kati ya kuweka mara ya kwanza na ya pili zilipita karibu saa nane. Kisha dakika 70. Kisha 45. Kisha 20. Mwisho sita.

> Saa nane, dakika 70, dakika 45, dakika 20, dakika sita. Mtu anayechagua mechi hawezi kwenda kwa mwendo huo.

Hapo ndipo penye dalili ya kwanza, na naiamini kuliko nyingine zote. Kiasi kinaweza kukudanganya, kwa sababu mwenye mshahara mkubwa huona 40,000 si kitu. Muda hauna tajiri. Anayebashiri kwa kuchagua husubiri mechi anayoijua. Anayefukuzia hela yake hasubiri, kwani kila dakika anayokaa bila dau ni dakika anayokubali kwamba ameliwa.

Dalili ya pili imo kwenye daftari hilohilo, katika kile alichokibetia. Asubuhi alichagua mechi za Ligi Kuu ya England, timu anazozifuatilia tangu akiwa shule. Saa tatu usiku yuko kwenye kindege, mchezo usio na timu, kocha wala majeruhi wa kuwapigia hesabu. Wengine huishia kwenye mechi za mtandaoni zinazochezwa na kompyuta, au ligi ya nchi ambayo hawawezi kuionyesha kwenye ramani. Ukijiona unabetia kitu kwa sababu tu kinaanza sasa hivi, umeshaacha kubashiri. Unatafuta mlango wa kurudia ulikotoka.

Jambo hili si geni. Mwaka 1956 mtafiti wa Marekani, McGlothlin, alichapisha uchambuzi wa madau ya mbio za farasi. Aliona kwamba kwenye mbio ya mwisho ya siku watu huwakimbilia farasi wasiotarajiwa kushinda, wenye malipo makubwa. Miaka 23 baadaye Kahneman na Tversky walieleza sababu: mtu ambaye hajaikubali hasara yake yuko tayari kuingia kwenye dau ambalo asubuhi angelikataa. Farasi wa mwisho wa siku kwa Manzese ni mechi ya Hispania ya saa nne usiku, au kindege.

"Nikiongeza mara mbili itarudi"

Fundi hakukubali kirahisi. Ana nadharia yake, na nimeisikia kwenye mabanda mengi kiasi kwamba inastahili kujibiwa kwa hesabu.

"Wewe hujui, kaka. Ukiliwa elfu mbili, weka elfu nne. Ukiliwa nne, weka nane. Moja tu ikitiki, zote zimerudi na faida juu."

Kwenye karatasi inakubali. Anza na 2,000 kwenye odi ya 2.00, na kila ukiliwa ongeza mara mbili: 2,000, 4,000, 8,000, 16,000, 32,000, 64,000. Popote itakapotiki unabaki na faida ya 2,000. Lakini ukiliwa mara sita mfululizo umetoa 126,000, na dau la saba linadai 128,000 ambazo huna.

Je, kuliwa mara sita mfululizo ni ajabu? Odi ya 2.00 ya kampuni kwa kawaida huwekwa kwenye jambo lenye nafasi ndogo kidogo kuliko nusu, tuseme 47 kati ya 100. Ukipiga hesabu, mikosi sita mfululizo hutokea mara moja katika kila mizunguko 45 hivi. Ukifanya mzunguko mmoja kila wikiendi, ni jambo la mara moja kwa mwaka. Wikiendi 44 utakusanya 2,000 kila moja, jumla 88,000, na utatamba banda zima. Ya 45 itachukua 126,000.

Zile 88,000 utazikumbuka kama ujuzi. Ile 126,000 utaikumbuka kama bahati mbaya.

Na hapo bado hatujagusa ada ya mlangoni. Chukua mechi yenye odi 2.10 mwenyeji ashinde, 3.20 sare, 3.40 mgeni ashinde. Ukitaka urudishiwe 1,000 vyovyote mechi itakavyoisha, lazima uweke 476 kwa mwenyeji, 313 kwa sare na 294 kwa mgeni. Jumla ni 1,083. Hizo 83 za juu ndizo riziki ya kampuni. Kwa maneno mengine, katika kila 1,000 inayowekwa kwenye mechi kama hiyo, kwa wastani hurudi kama 923.

Kwenye mkeka ada hiyo hulipwa kwa kila mechi, moja juu ya nyingine. Mkeka wa mechi nane za namna hiyo hurudisha kwa wastani kama 530 katika 1,000. Basi Fundi "hakuonewa" na bao la dakika ya 88. Karibu nusu ya 5,000 yake iliondoka saa tano asubuhi, kabla mpira haujawekwa kati.

Nilipomweleza alinyamaza, halafu akasema kitu ambacho nimekitafakari tangu siku ile: "Kwa hiyo nikirudi kufuata hela yangu, naifuata kwa njia ileile iliyonipotezea."

Wiki nane

Siku ya Jumanne tulikutana tena, kwake. Niliichagua Jumanne makusudi. Mechi za wikiendi zimepoa na zijazo hazijapata joto.

Tuliandika wiki nane zilizopita kwa safu mbili, hela iliyoingia kwenye akaunti za kubashiri na hela iliyotoka kurudi kwenye simu. Zilizoingia ni 612,000. Zilizorudi ni 187,000, na humo mna ule mkeka wa 150,000 aliokuwa akiusimulia kila mahali. Tofauti ni 425,000. Gawa kwa nane, unapata zaidi kidogo ya 53,000 kwa wiki.

Yeye alisema elfu kumi. Hakunidanganya mimi, alikuwa akihesabu dau la asubuhi tu, lile alilolipanga. Madau ya jioni hakuyahesabu kwa sababu moyoni mwake hayakuwa matumizi. Yalikuwa kurudisha.

Mkewe alikuwa anachambua mchele karibu nasi. Chumba na sebule wanalipia 80,000 kwa mwezi. "Shemeji," akaniuliza taratibu, "hiyo laki nne na ishirini na tano ni kodi ya miezi mingapi?" Mitano na ushee. Hakusema zaidi, na Fundi alijifanya anatafuta chaja.

> "Dau la asubuhi nililihesabu. Ya jioni sikuyahesabu, maana nilikuwa narudisha."

Yeyote anayebeti wikiendi anaweza kufanya zoezi hili kwa nusu saa na kalamu. Usitumie kumbukumbu. Tumia meseji, na kama umezifuta, omba taarifa ya miamala kwa mtandao wako wa simu.

Dari, na matundu yake

Kampuni nyingi za kubashiri zina sehemu ya kuweka kikomo cha hela unayoweza kuingiza kwenye akaunti kwa siku, wiki au mwezi. Mara nyingi kimefichwa kwenye mipangilio ya akaunti, chini ya kichwa kama *Responsible Gambling*, na chenyewe kimeandikwa *Deposit Limit*. Usipokiona, piga huduma kwa wateja uwaombe wakuwekee. Mfanyakazi mmoja wa huduma hiyo, ambaye hakutaka yeye wala kampuni yake itajwe, aliniambia: "Kipo. Lakini sisi hatukisukumi, mteja ndiye anayekiomba. Na wanaoomba wengi hutuomba Jumatatu."

Kiasi gani? Swali hili hujibiwa vibaya na wengi. Mtu aliyezoea kupoteza 53,000 hujiwekea kikomo cha 100,000 "ili nisibanwe sana". Kikomo kisichokugusa kamwe ni pambo. Mimi nilimuuliza Fundi hivi: kama kubeti kungekuwa tiketi ya kuingilia banda, hela ambayo ukishalipa hairudi, ungelipa ngapi kwa wiki bila kumficha shemeji? Alifikiri muda mrefu. Akasema 8,000.

Tukaweka 8,000 kwa wiki. Jumapili yake tukajifunza tundu la kwanza.

Alimaliza 8,000 zake Jumapili alasiri. Saa sita kasoro dakika kumi usiku alikuwa macho kitandani, simu mkononi, anasubiri. Wiki ya kampuni yake huanza Jumatatu, na ilipogonga saa sita usiku kikomo kilifunguka upya. Saa sita na dakika mbili alishaweka 8,000 za wiki mpya kwenye mechi ya Amerika Kusini. Alinipigia asubuhi mwenyewe, kwa aibu na kicheko. Tiba yake ni kuweka na kikomo cha mwezi. Fundi aliongeza cha 32,000. Sasa akizila za wiki ijayo leo, atazikosa mwishoni mwa mwezi, na anajua.

Tundu la pili ni ushindi. Kikomo hiki huhesabu hela inayoingia kutoka kwenye simu. Hakiugusi ushindi uliolala kwenye akaunti. Mkeka ukitiki 60,000, unaweza kuziteketeza zote usiku uleule na kikomo kisikohoe. Kampuni nyingine zina kikomo cha hasara, ambacho huziba pengo hili. Kama yako inacho, ongeza. Kama haina, kilichobaki ni kutoa ushindi hapohapo. Na hapa kuna dalili nyingine ya kufukuzia: kuomba kutoa hela, kisha kughairi ombi kabla halijakamilika ili uzichezee. Ukishafanya hivyo hata mara moja, jua hali yako.

Tundu la tatu ndilo kubwa. Kikomo ni cha kampuni moja. Fundi alikuwa na akaunti nne. Ukiziba mlango mmoja kati ya minne, umejifunza tu kuzunguka nyumba. Alifunga tatu kabisa, akaacha moja.

Na kwa kuwa hela zote hupita kwenye simu kabla ya kufika kwenye akaunti yoyote, dari ya kweli iko pale. Alichukua laini yake ya pili, isiyo na huduma ya mkopo, akaiweka iwe ya kubeti peke yake. Kila Jumanne mkewe huirushia 8,000. Laini kuu, yenye malipo ya wateja, inakaa kwenye simu ndogo ya batani nyumbani. Ni usumbufu, na usumbufu huo ndio unaotafutwa. Dakika sita zilizompeleka kwenye 40,000 zisingetosha hata kufika nyumbani.

Nani afunge mlango?

Hapa wadau hawakubaliani. Wenye kampuni husema mteja ni mtu mzima, sheria imemruhusu akishafika miaka 18, na nyenzo ya kujizuia amewekewa. Tanzania ina Sheria ya Michezo ya Kubahatisha ya mwaka 2003 na Bodi inayoisimamia, na serikali hupata kodi yake. Michezo nayo imefaidika: mwaka 2017 SportPesa ilidhamini Simba na Yanga kwa pamoja, na vijana wengi walilivaa jina hilo kifuani kabla hawajaruhusiwa kubeti.

Upande wa pili husema kumwachia anayefukuzia hasara ajifungie mwenyewe ni kumkabidhi mlevi funguo za baa. Ujerumani, tangu 2021, kwa kawaida mchezaji hawezi kuweka zaidi ya euro 1,000 kwa mwezi kwenye kampuni zote kwa jumla, kwa kuwa zimeunganishwa kwenye mfumo mmoja. Norway, kampuni ya serikali ya Norsk Tipping ina ukomo wa kupoteza krone 20,000 kwa mwezi. Uingereza, ukitaka kushusha kikomo hushuka mara moja, ila ukitaka kukipandisha lazima usubiri walau saa 24 na uthibitishe tena.

Mimi niko na hizo saa 24. Hazimnyimi mtu mzima uhuru wake. Zinamtaka aseme jambo lilelile mara mbili, mara moja usiku na mara ya pili kumekucha. Kabla hujaamini kikomo chako, kijaribu siku ya kawaida: kipandishe, uone kama kinapanda papo hapo. Kikipanda papo hapo, kirudishe kilipokuwa na uhamishie ulinzi kwenye laini ya simu.

Kuna watu ambao dari hii haitawatosha. Mwongozo wa utambuzi wa wataalamu wa afya ya akili wa Marekani, toleo la tano la mwaka 2013, una dalili tisa za ugonjwa wa kucheza kamari, na kurudi siku nyingine kufuata hela iliyoliwa ni mojawapo. Nyingine ni kuwaficha watu wako, kuhitaji dau kubwa zaidi ili usikie ladha ileile, kukasirika ukijaribu kuacha, na kutegemea wengine wakutoe kwenye shimo la fedha. Ukiwa na nne au zaidi ndani ya miezi 12, jambo limevuka mipaka ya bajeti. Omba kampuni ikufungie akaunti moja kwa moja, na muone daktari. Muhimbili ina idara ya afya ya akili, na hospitali ya wilaya inaweza kukupa rufaa.

Fundi hakufika nne. Alihesabu mwenyewe, akafika mbili, akabishana na ya tatu.

Wikiendi ya tano tangu tuanze daftari nilimkuta banda lilelile. 8,000 zilikuwa zimeliwa saa kumi na mbili jioni, na kikomo cha mwezi nacho kilikuwa kimejaa. Mechi ya usiku ilianza. Mara mbili aliitoa simu mfukoni, akaitazama, akairudisha. Kwenye dakika ya 70 akaniinamia.

"Kaka, yule namba kumi na saba ni nani? Anajua kweli."

Yule namba kumi na saba amekuwa kwenye kikosi hicho misimu miwili.